Shilingi Mbili Zilizovuta Elfu Saba

"Januari mwaka huu wa 2025 nilichukua advansi ya shilingi 65,000 kazini nilipe karo. Haina riba. Nilitia sahihi karatasi ya ratiba: makato ya 7,222 kila mwezi kwa miezi 9, Februari hadi Oktoba, na mstari wa mwisho waonyesha salio 0. Mshahara wangu ni 38,000 kabla ya makato, na chama cha akiba na mikopo hunikata 7,700. Juni nilichukua likizo bila malipo nusu mwezi, nikapata mshahara wa 19,000, na advansi ikakatwa 3,000 tu. Miezi mingine yote nimekatwa 7,222. Sasa mwisho wa Novemba, mwezi ambao nilijua nimeshamaliza, nimekatwa tena 7,222! Nilipomuuliza mhasibu alisema: 'Hiyo ni ya Juni, na sasa kompyuta itasimama yenyewe.' Hati ya mshahara haionyeshi salio la advansi, ni makato tu. Mimi naona nimeibiwa elfu saba. Nani mkweli, na mtu ataikaguaje ratiba kama hii mwenyewe? Niko Mombasa, kampuni binafsi."

Dadangu, wadai shilingi 2,998. Si 7,222 kama unavyohesabu wewe, na si sifuri kama anavyosema mhasibu wenu. Novemba walikuwa na deni la 4,224 la kukukata, wakakata 7,222, na tofauti hapo ni pesa yako. Nitakuonyesha nilivyofika huko hatua kwa hatua, kwa sababu ukiingia ofisini na neno "nimeibiwa" mtagombana bure. Ukiingia na mistari kumi uliyoiandika kwa mkono wako, hapana atakayeweza kukubishia.

Kwanza iweke kando ile karatasi uliyotia sahihi. Tutairudia baadaye, maana ina kasoro yake, tena kasoro ya kuvutia. Lakini usiisome kama risiti. Ratiba ni maelezo ya kile kinachotarajiwa kukatwa, na deni halipungui kwa matarajio. Lapungua kwa kilichokatwa kweli. Kosa hili si la wafanyakazi peke yao. Nimefanya hesabu za mishahara hapa Mombasa miaka mingi, na nimewaona wahasibu wenye vyeti ukutani wakifungua ratiba, wakisoma "Oktoba, salio 0" na kufunga faili, bila kuangalia kama makato ya Juni yaliingia yote.

Risiti zako ni hati za mshahara. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 20, inamtaka mwajiri akupe maelezo ya maandishi ya mshahara wako, yakionyesha makato na kila kato ni la nini. Kwa hiyo mstari wa "advansi 7,222" kwenye hati ni ushahidi kwamba pesa hiyo imetoka kwako na imeenda kwenye deni hilo. Hati nyingi haziandiki salio, kama yako, na hapo ndipo watu hupotea: mwezi baada ya mwezi waona kinachotoka, hawaoni kilichobaki. Basi salio liandike mwenyewe.

Chukua daftari na hati zako kumi, Februari hadi Novemba. Juu kabisa andika 65,000, lakini kabla ya kuiandika, hakikisha ndiyo iliyokufikia. Tazama taarifa ya benki au ujumbe wa M-Pesa wa Januari. Kama walikutumia 64,800 wakasema 200 ni gharama ya kutuma, ulizeni kwanza nani alikubali kuibeba hiyo 200, kwa sababu hesabu yote ya chini yasimama juu ya nambari hiyo ya kwanza. Mimi nachukua kwamba ulipata 65,000 kamili. Kisha kila mwezi toa kilichoandikwa kwenye hati, si kilichoandikwa kwenye ratiba:

Februari: 65,000 − 7,222 = 57,778
Machi: 57,778 − 7,222 = 50,556
Aprili: 50,556 − 7,222 = 43,334
Mei: 43,334 − 7,222 = 36,112
Juni: 36,112 − 3,000 = 33,112
Julai: 33,112 − 7,222 = 25,890
Agosti: 25,890 − 7,222 = 18,668
Septemba: 18,668 − 7,222 = 11,446
Oktoba: 11,446 − 7,222 = 4,224
Novemba: 4,224 − 7,222 = chini ya sifuri kwa 2,998

Kuna njia ya pili ya kuhakiki, na napenda mtu azifanye zote mbili kwa sababu mkono huteleza. Jumlisha makato yote: mara tisa 7,222 ni 64,998, ongeza 3,000 ya Juni, wapata 67,998. Ulikopa 65,000. Umelipa zaidi kwa 2,998. Njia mbili zikikutana kwenye nambari moja, hesabu yako imeshika. Zisipokutana, kosa liko katika daftari lako, na ni heri uligundue wewe kabla ya mhasibu.

Sasa Juni, kwa sababu hapo mhasibu wenu alifanya jambo sawa na nadhani hakukueleza. Kifungu cha 19 cha sheria hiyo hiyo hakiruhusu makato yote kwa pamoja kupita theluthi mbili za mshahara. Juni mshahara wako ulikuwa 19,000, na theluthi mbili zake ni 12,666. Kwa viwango vya 2025, NSSF ilichukua 1,140, SHIF 522.50, na ushuru wa nyumba 285. Kodi ya PAYE ilikuwa sifuri, maana mshahara ulikuwa mdogo kiasi cha kumezwa na nafuu ya kodi. Hayo ni 1,947.50. Ongeza 7,700 ya chama chako. Nafasi iliyobaki chini ya mpaka ilikuwa shilingi 3,019 tu. Ndiyo sababu ya ile 3,000. Hukupewa zawadi, sheria ilifunga mlango.

Na kuna aliyekwambia, au utaambiwa, kwamba ile 4,222 iliyokosekana ingekatwa Julai pamoja na awamu ya Julai yakaisha. Isingewezekana. Mwezi wa kawaida makato yako ya lazima (NSSF, SHIF, nyumba na kodi) yafika kama 6,510. Weka 7,700 ya chama na 7,222 ya advansi, waja kwenye 21,432. Theluthi mbili za 38,000 ni 25,333. Ukiongeza 4,222 juu yake, wapata 25,654, umeshapita mpaka kwa shilingi mia tatu na ushei. Kwa hiyo kuisukuma ile 4,222 hadi mwisho wa ratiba, yaani Novemba, lilikuwa jambo la busara. Walichokosea ni kutokukuandikia. Makato ya kurejesha mkopo wa mwajiri yahitaji makubaliano ya maandishi, na makubaliano yako yaishia Oktoba. Julai walipaswa kukupa ratiba mpya yenye awamu ya kumi, ya Novemba, mkatia sahihi nyote wawili. Ungekuwa wakili ungeweza kulishikilia hilo na kudai hata 4,224 ya Novemba haikuwa halali kukatwa. Mimi nisingekushauri. Deni lilikuwa la kweli, ulikula pesa na mtoto akasoma, na ukiibishia ile 4,224 utaipoteza heshima ya kudai 2,998 ambayo ni haki tupu.

Umeona kwamba nasema 4,224, na Juni ilikosa 4,222? Shilingi mbili zimetoka wapi? Haya, sasa ifungue ile karatasi ya ratiba.

Hukunitumia picha yake, lakini naweza kukuandikia yaliyomo nikiwa nimekaa hapa, kwa sababu nimeshaziona za aina hii nyingi. Safu ya salio yako yasoma hivi: 57,778, kisha 50,556, kisha 43,333, kisha 36,111, 28,889, 21,667, 14,444, 7,222, na mwisho 0. Chukua penseli na ukague kila mstari kama muuza viungo wa Marikiti anavyokagua noti. 57,778 ukitoa 7,222 ni 50,556, sawa. 50,556 ukitoa 7,222 ni 43,334. Karatasi yasema 43,333. Shilingi moja imeyeyuka Aprili. Endelea. Mei sawa, Juni sawa, Julai sawa. Agosti: 21,667 ukitoa 7,222 ni 14,445, na karatasi yasema 14,444. Ya pili imeyeyuka. Shilingi mbili, miezi miwili, na ukifika Oktoba sifuri yaonekana safi kama sahani iliyooshwa.

Kilichotokea ni hiki. 65,000 ukiigawa kwa 9 haigawanyiki. Yatoka 7,222.2222 na mbili zinaendelea bila mwisho. Aliyetengeneza ratiba kwenye Excel aliiacha nambari hiyo jinsi ilivyo, halafu akaiambia programu ionyeshe bila senti. Macho yanaona 7,222 lakini ndani ya seli imekaa 7,222.2222. Excel hutoa ile ya ndani na kukuonyesha ile ya nje, kwa hiyo salio lake lafika sifuri kweli, ila kwa makato ambayo hakuna mtu aliyekatwa. Wewe hukukatwa senti 22. Ulikatwa 7,222 kamili, kwa sababu hiyo ndiyo nambari aliyoiona mtu wa mishahara kwenye karatasi na kuipiga kwenye programu ya mishahara. Mara 9 ya 7,222 ni 64,998. Hata kama Juni ungekatwa kamili, Oktoba ungebaki na deni la shilingi mbili.

Utasema shilingi mbili ni nini, hata ikianguka njiani Likoni mtu hainami. Ndiyo, lakini kompyuta haijui udogo. Ninavyosoma makato yako ya Novemba, programu yenu imeagizwa mambo mawili: kato ni 7,222, na endelea kukata maadamu salio ni zaidi ya sifuri. Haikuagizwa jambo la tatu, kwamba kama salio ni dogo kuliko kato, kata salio tu. Basi mwisho wa Novemba iliuliza: deni lipo? Lipo, 4,224. Kata 7,222. Na kama deni lingekuwa shilingi mbili ingejibu vile vile na kukata 7,222, na ungedai 7,220. Kwa hiyo maelezo ya "hiyo ni ya Juni" ni nusu ya ukweli. Juni yaeleza kwa nini ulikatwa kitu Novemba. Haielezi kwa nini ulikatwa awamu nzima.

Nakiri kosa hili nalijua kwa sababu niliwahi kulifanya. Nilipokuwa kijana nikishika mishahara ya kampuni moja ya kusafirisha mizigo, mwisho wa mwaka nilifunga akaunti ya advansi za wafanyakazi ikaonyesha kampuni yadaiwa. Akaunti ya advansi kawaida hudai. Ikigeuka kudaiwa maana yake kuna mtu amelipa zaidi. Nilikaa siku mbili nikitafuta, nikakuta watu wanane, kila mmoja amekatwa awamu nzima kwa ajili ya salio la shilingi moja, mbili au nne. Mmoja alikuwa ameshaacha kazi na amerudi kwao. Tangu siku ile, karatasi yoyote ya advansi nikipewa, jicho huenda kwenye mstari wa mwisho kwanza.

Mstari wa mwisho ndio ufunguo. Katika ratiba iliyotengenezwa vizuri, awamu ya mwisho haiwi sawa na nyingine ila kwa bahati, pale pesa inapogawanyika bila baki. Awamu ya mwisho ni salio lililobaki, liwe kiasi gani. Yako ingeweza kuandikwa miezi 8 ya 7,222, ambayo ni 57,776, na awamu ya tisa 7,224. Hiyo yafika 65,000 bila kuzidi wala kupungua. Mimi binafsi napendelea kupandisha badala ya kushusha: kato liwe 7,223, mara 8 ni 57,784, na la mwisho 7,216. Sababu ni ya kiutendaji. Ukishusha, pasipokuwa na mtu wa kukumbuka kubadilisha mwezi wa mwisho, hubaki mkia wa shilingi mbili, na mkia huzaa awamu ya kumi. Ukipandisha, salio la mwisho huwa dogo kuliko awamu, na ukiiagiza kompyuta ikate kilicho kidogo kati ya viwili hivyo, yajifunga yenyewe kwa wakati.

Ukitaka kuitengeneza mwenyewe, au umsaidie mhasibu wenu kwa adabu, weka kiasi kwenye B1, idadi ya miezi B2, na kato B3. Kuanzia mstari wa 6, safu A iwe mwezi, B salio la kuanzia, C kinachopaswa kukatwa, D kilichokatwa kweli, E salio la kufungia:

```
B3:  =ROUNDUP(B1/B2,0)
B6:  =B1
C6:  =MIN($B$3,B6)
E6:  =B6-IF(D6="",C6,D6)
B7:  =E6
```

Fomula za C6, E6 na B7 zinakili hadi mistari ya chini, na uongeze mstari mmoja au miwili baada ya mwezi wa mwisho. Mwezi ambao D bado ni tupu, E hutoa kilicho kwenye C. Safu D haina fomula. Hiyo waijaza kwa mkono kutoka kwenye hati ya mshahara kila mwisho wa mwezi, na ndiyo maana nimeitenganisha na C. Juni ungeandika 3,000 pale, na mara moja salio la Julai lingepanda, na mistari ya chini ingejipanga upya: Oktoba ungeona bado kuna deni, na Novemba safu C ingekuonyesha kiasi halisi kilichobaki badala ya awamu kamili. ROUNDUP iliyo na sifuri mwishoni ndiyo inayoondoa zile senti ndani ya seli, si machoni tu. Ukibofya B3 ukaona juu kwenye upau wa fomula nambari yenye desimali ndefu, au mgawanyo mtupu wa =B1/B2, jua hiyo ni ratiba ya aina ile ya kwanza.

Tuje kwenye kurudishiwa, kwa sababu hapa pana mtego ambao wengi hawauoni. Mhasibu akikubali, na naamini atakubali ukimwekea daftari mbele, huenda akasema: "Sawa, tutakuongezea 2,998 kwenye mshahara wa Desemba." Mshukuru, kisha muulize ataiongeza sehemu gani. Akiiweka upande wa mapato, kama marupurupu, programu itaihesabu kuwa mshahara mpya na kuikata NSSF, SHIF, ushuru wa nyumba na PAYE ya asilimia 30, kwa kuwa mshahara wako ndiko unakoangukia. Kati ya 2,998 zitatoka zaidi ya 1,100, na utabaki na kama 1,880. Pesa hiyo ilishatozwa kodi ulipoipata mara ya kwanza. Haifai kutozwa tena. Mahali pake ni upande wa makato, kwenye mstari ule ule wa advansi, ikiwa na alama ya kutoa, ili ipunguze makato badala ya kuongeza mapato. Kama programu haikubali kato lenye alama ya kutoa, wakulipe nje ya mishahara kwa vocha ya malipo, kwa M-Pesa au taslimu, utie sahihi, na vocha iandikwe kwamba ni marejesho ya advansi iliyokatwa zaidi Novemba 2025.

Huenda pia wakakwambia uiache tu, itatumika ukichukua advansi nyingine. Hiyo ni hiari yako. Mimi nisingeikubali, kwa sababu salio lililo chini ya sifuri hukaa kimya kwenye vitabu, mtu wa mishahara hubadilika, na akija mwingine hataliona. Lakini kama wajua Januari utachukua advansi tena kwa karo, na mhasibu akakuandikia kwa sahihi kwamba mkopo mpya utaanza kwa kutoa 2,998, hakuna ubaya.

Kuhusu "kompyuta itasimama yenyewe": huenda ikasimama. Salio likiwa chini ya sifuri na agizo likiwa "kata maadamu salio ni zaidi ya sifuri", Desemba haitakata. Lakini kuna programu ambazo kato la kudumu halitazami salio kabisa. Huendelea hadi mtu aingie na kuliondoa au kuliwekea mwezi wa mwisho. Mwombe mhasibu aliondoe kabla ya kuendesha mishahara ya Desemba, usingoje hati itoke. Kampuni nyingi hufunga mishahara ya Desemba mapema kwa sababu ya Krismasi, kwa hiyo nenda wiki hii.

Ukienda, nenda na daftari, nakala za hati kumi, ile ratiba, na ushahidi wa pesa uliyopokea Januari. Zungumza naye peke yenu kwanza. Hakukuibia, alipiga nambari iliyokuwa kwenye karatasi, na ukimpa nafasi ya kurekebisha bila kuaibika atairekebisha haraka. Baada ya mazungumzo, hata yakiwa mazuri, mwandikie barua pepe fupi: nilipokea 65,000, nimekatwa 67,998 kati ya Februari na Novemba kwa hati zilizoambatishwa, naomba 2,998 zirejeshwe na kato lifungwe. Sentensi hiyo moja yatosha.

Mshahara wa Desemba ukitoka bila marejesho na bila jibu, au mbaya zaidi wakikata 7,222 nyingine, sasa peleka makaratasi yale yale kwa afisa wa kazi wa kaunti hapa Mombasa. Huhitaji wakili kufungua lalamiko kwake, na shauri la makato ni la kawaida kwao. Humwita mwajiri aje na vitabu. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ina kituo Mombasa, lakini kwa 2,998 sioni sababu ya kufika huko, isipokuwa pawe na wenzako wengi waliokatwa vivyo hivyo. Na hilo, dadangu, waulize. Kama ratiba zenu zote zilitoka kwenye faili moja ya Excel, aliyekopa 40,000 kwa miezi 7 naye kato lake litakuwa limeshushwa hadi 5,714, na baada ya awamu ya saba atakuwa amebakiwa na shilingi mbili zake.